Barua ya dereva wa basi anayeomba ruhusa ya kupima macho

Madereva wa mabasi ya mikoani wanaokuja kwangu kupimwa macho hufika wakiwa na saa chache tu mkononi: abiria wameshuka asubuhi, na jioni wanatakiwa kurudi barabarani. Kwa muda huo ninaweza kumsomesha mtu chati na kumpa namba ya miwani, lakini siwezi kuangalia vizuri nyuma ya jicho lake. Kipimo hicho mara nyingi huhitaji matone ya kupanua mboni, ambayo kwa saa nne hadi sita, na kwa wengine zaidi, huufanya mwanga umwumize macho na maandishi ya karibu yasisomeke. Mtu aliyewekewa matone hayo hapaswi kushika usukani siku hiyo. Kwa hiyo dereva anayeomba saa mbili za ruhusa anaomba nusu ya kipimo, na kosa hilo huanzia kwenye barua yake.

Hivi karibuni dereva mmoja wa Tanzania, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliniomba nimsaidie kuandika barua hiyo upya. Ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili na neno "naomba" mara tatu. Tuliishia na hii:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu,

YAH: OMBI LA RUHUSA YENYE MALIPO KWA AJILI YA KUPIMA MACHO NA KUCHUKUA MIWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa basi katika kampuni yako. Kwa miezi ya karibuni, taa za magari yanayokuja mbele yangu usiku hunisumbua, na vibao vya barabarani huvisoma nikiwa nimeshavikaribia mno.

Naomba siku moja nzima ya kupimwa, kwa kuwa nitawekewa dawa itakayonizuia kuendesha hadi kesho yake, na nusu siku ya kuchukua miwani itakapokuwa tayari. Naomba siku hizo zilipwe kama siku za kazi, zisikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Naomba pia nipangiwe safari za mchana kwa siku chache za mwanzo za kuvaa miwani mipya.

Iwapo kampuni inaweza kuchangia gharama ya miwani, nitawasilisha makadirio baada ya kipimo.

Nimeambatanisha kadi ya miadi.

Wako mtiifu,"

Dalili mbili alizozitaja zinatosha. Mwajiri anahitaji kujua kwamba tatizo linagusa usukani, lakini hahitaji kujua namba ya miwani wala historia ya kisukari ya dereva. Taa zinazotawanyika usiku huweza kutokana na namba ya miwani iliyobadilika au na mtoto wa jicho anayeanza, na kabla ya kipimo hakuna anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo.

Kuhusu malipo, wengi hukimbilia likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza zikiwa na mshahara kamili, lakini mwajiri anaweza kukataa kulipa asipoletewa cheti cha daktari, na dereva anayekwenda kupimwa bado hana cheti hicho. Kwa maoni yangu hoja yenye nguvu zaidi imo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayotaka wafanyakazi wapimwe afya mara kwa mara wakiwa kazini. Anayelipwa posho kwa kila safari aandike pia kama anaomba mshahara wa siku peke yake au na posho, la sivyo deiwaka atachukua safari na yeye atabaki mikono mitupu. Mchango wa miwani tuliuweka katika aya yake, kwa sababu ni ombi linaloweza kukataliwa bila kuiangusha ruhusa yenyewe.

Ombi la safari za mchana ndilo lililomshangaza meneja. Baada ya miaka 40 jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na madereva wengi hushawishika kuchukua lenzi zenye sehemu ya mbali juu na ya karibu chini. Lenzi za namna hiyo zisizo na mstari hupinda picha pembeni, na dereva asiyezizoea huona kioo cha pembeni kikiyumba anapokitupia jicho bila kugeuza kichwa.

Jambo moja linaweza kubadilisha tarehe ya kuchukua miwani. Sukari ikiwa haijatulia, namba ya jicho hupanda na kushuka nayo, na miwani iliyotengenezwa wiki hiyo inaweza isifae mwezi unaofuata. Mwenye kisukari ambaye dawa zake zimebadilishwa karibuni apimwe afya ya jicho mapema, halafu namba ya miwani isubiri hadi sukari itulie. Katika barua yake ile nusu siku ya kuchukua miwani iachwe bila tarehe.