Mistari ya wima kwenye monita: dhana zinazodhoofisha barua ya waranti

Dhana potofu: Andika tu kwamba monita imeharibika, kampuni itajionea yenyewe.

Ukweli: Barua ikitoka Tabora, anayeisoma hana monita mbele yake. Swali lake la kwanza ni kama mistari inatoka kwenye kompyuta, kwenye waya au kwenye kioo, na asipopata jibu atakurudishia maswali huku miezi ya waranti ikipita. Mjibu mapema. Badilisha waya, kisha jaribu kompyuta nyingine. Halafu fungua menyu ya monita kwa vitufe vyake na uisogeze hadi palipo na mstari. Monita nyingi zina mpangilio wa kuihamisha. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, kwa hiyo mstari ukiikata, kompyuta haihusiki. Mara nyingi chanzo ni utepe mwembamba ulio ukingoni mwa kioo: gundi yake inayopitisha umeme huachia, au chipu iliyo juu yake hufa, na safu za nukta inazolisha hukosa mawimbi.

Aya ya msingi ya barua inaweza kuwa hivi:

> Nilinunua monita hii tarehe 14 Machi 2024. Tarehe 2 Februari 2025 ilianza kuonyesha mistari miwili ya kijani, ya wima, upande wa kulia. Mistari inabaki palepale nikibadilisha waya na kompyuta, na inaikata menyu ya monita. Kioo hakina ufa wala alama ya kugongwa. Naomba nibadilishiwe monita kwa mujibu wa waranti ya mwaka mmoja.

Juu yake weka modeli na namba iliyoandikwa S/N kwenye stika ya nyuma. Ambatanisha nakala ya risiti ya EFD.

Dhana potofu: Picha ya Print Screen ni ushahidi.

Ukweli: Kitufe hicho hunakili kile kompyuta inachotuma, si kile kioo kinachoonyesha, hivyo picha itatoka safi. Piga kwa simu: moja ya kioo kizima chenye rangi nyeupe, nyingine ya mstari ukiikata menyu.

Dhana potofu: Mstari ni "pikseli zilizokufa" tu.

Ukweli: Usiandike maneno hayo kabisa. Kampuni nyingi huvumilia nukta chache mbovu zilizotawanyika, na wewe mwenyewe utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia. Kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, mstari mmoja wa wima ni safu nzima ya nukta 1080. Andika "mistari ya wima kutoka juu hadi chini".

Dhana potofu: Fundi aifungue kwanza.

Ukweli: Alama za kufunguliwa huweza kukuondolea haki ya waranti. Vilevile usiipandishe basi la Dar es Salaam kabla kampuni haijakupa namba ya kurejeshea mzigo na kukueleza nani analipa usafiri. Ukishaipata, iandike juu ya boksi.