Miguu ya Yohana: zamu ya kwanza ya usiku katika wodi ya afya ya akili

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya wauguzi wapya ninaowafundisha hapa Dodoma. Majina si ya watu halisi, lakini mambo yanayotokea ndani yake tunayaona wodini mara kwa mara. Nakiweka hapa kwa sababu hata mtu anayemuuguza ndugu yake nyumbani atakutana nayo.

Neema aliingia zamu yake ya kwanza ya usiku mwezi Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha na joto bado limebaki ukutani. Wodi ya wanaume ilikuwa na wagonjwa kumi na wanane. Aliyekuwa naye zamu ni Mama Chiku, muuguzi mwenye miaka mingi kazini, pamoja na mhudumu mmoja na mlinzi wa getini. Kabla ya kupokea ripoti, Mama Chiku alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamwambia avue hereni za duara, aondoe kitambulisho alichokivaa shingoni kwa kamba na akiweke mfukoni. "Halafu zunguka wodi yote. Hesabu milango. Ujue upi unafunguka kwa ndani na upi kwa nje."

Ripoti ya zamu ya mchana ilisomwa harakaharaka, kama ripoti nyingi za saa mbili usiku. Kuhusu kitanda namba tisa waliambiwa: Yohana, miaka 27, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, siku ya sita wodini, bado anasikia sauti, haloperidoli, dawa yake ya kupunguza sauti hizo, imepandishwa juzi kutoka miligramu 5 kwa siku hadi 10. Mwishoni kukawa na sentensi moja: "Anatembeatembea sana, hatulii kitandani." Neema aliiandika. Hakuifikiria tena mpaka saa saba na dakika ishirini.

Saa hiyo ndoo ya plastiki iligonga ukuta wa korido. Neema alitoka mbio na kumkuta Yohana anakwenda na kurudi, ngumi amezikunja, anahema kwa nguvu. Alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake, mgongo ukiwa kwenye mlango wa kutokea nje, akasema kwa sauti ya kuamrisha: "Yohana, tulia! Rudi kitandani, watu wamelala!"

"Usiniambie nitulie!" Sauti ya Yohana ilipanda. Mhudumu akaja kutoka upande wa kulia na mlinzi kutoka nyuma, wote wakisema kwa pamoja. Mgonjwa mwingine akaamka na kuanza kulia.

Hapa nasimama kidogo, maana sekunde hizi ndizo zinazoamua usiku utaishaje. Neema hakuwa na nia mbaya. Lakini mtu ambaye tayari anajiona kabanwa alijikuta amezibiwa mlango, amezungukwa na watu watatu, anapewa amri tatu kwa mara moja. Neno "tulia" halijamtuliza mtu hata mmoja ninayemkumbuka. Mwenye hasira hulisikia kama dharau, na mwenye hofu hulisikia kama tishio.

Mama Chiku alifika akitembea, hakukimbia. Alimpa mlinzi ishara arudi hadi mwisho wa korido, mahali anapoonekana lakini hasikiki. Mhudumu alimtuma kwa yule aliyeamka. Neema akamnong'oneza: "Toka mlangoni. Simama kando. Utaongea wewe peke yako, mimi nipo hapa."

Neema akasogea pembeni hadi umbali wa mikono miwili iliyonyooshwa. Hakumkabili uso kwa uso, aliugeuza mwili kidogo, kama watu wanaosubiri daladala pamoja. Mikono yake ilikuwa wazi usawa wa kiuno, si mfukoni wala kiunoni. Sasa mlango ulikuwa huru kwa wote wawili, yaani Yohana hakuzibiwa, na Neema mwenyewe angeweza kutoka kama mambo yangeharibika. Wauguzi wapya husahau hili la pili.

"Kaka Yohana, mimi naitwa Neema. Ni muuguzi wa usiku huu." Akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu kufundisha. Mtu aliyepandwa na hasira anachelewa kuyapokea maneno, na ukimwongezea sentensi ya pili kabla ya kwanza haijafika, zote mbili zinapotea. Yohana alikwenda hadi dirishani, akarudi. Alikwenda tena, akarudi. Neema alikuwa bado anasubiri.

"Mmenitilia kitu miguuni," Yohana akasema.

Sentensi kama hiyo ikitoka kwa mgonjwa anayesikia sauti, ni rahisi kuiandika chini ya "mawazo yasiyo ya kweli" na kugeuza ukurasa. Wengine hubishana naye: "Hakuna aliyekutilia kitu." Wengine hukubali ili wamridhishe, nao wanakuwa wamemdanganya. Neema aliuliza tu: "Miguu inakuwaje?"

"Inachemka kwa ndani. Nikilala inaniambia inuka. Nikisimama inaniambia tembea. Siku mbili hizi sijalala, dada, siku mbili!"

"Siku mbili hujalala. Pole sana. Hiyo inachosha." Kisha: "Kutembea unaweza, hata usiku kucha. Ndoo kupigwa siwezi kuruhusu, wenzako wanashtuka. Tutembee wote hapa koridoni au unataka kule barazani?"

Tazama vizuri alichofanya. Mpaka aliuweka, mmoja tu, akaeleza na sababu yake. Papo hapo akampa uchaguzi wa mambo mawili, yote mawili yakiwa yanawezekana kweli. Hakumwahidi kwamba ataruhusiwa kwenda Bahi asubuhi, ingawa ahadi hiyo ingemnyamazisha kwa saa nzima, na saa iliyofuata ingemgharimu imani yake.

Yohana alichagua barazani. Wakatembea bega kwa bega, nafasi ikiwa kati yao. Ngumi zilifunguka mzunguko wa tatu au wa nne. Sauti ilishuka kabla ya hapo. Hivyo viwili ndivyo vya kuangalia, kwa sababu mdomo unaweza kusema "sawa" huku mikono bado imekunjwa. Akaanza kueleza kuhusu jaruba lake, kwamba mvua imeshaanza na hakuna wa kupanda. Alipokaa kwenye benchi magoti yake yalicheza bila kukoma, na hata dakika mbili hazikuisha akasimama tena.

Neema aliyaona magoti. Akamwita Mama Chiku, na ile sentensi ya ripoti ikamrudia.

Dawa kama haloperidoli zinaweza kuleta hali inayoitwa akathisia. Ni msukumo mkali wa ndani wa kutaka kujongea, hasa miguu, na kwa kawaida huanza siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa au kupandishiwa dozi. Mgonjwa anazunguka, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hawezi kukaa mezani akamaliza chakula. Wengine huuelezea kama mateso, na wapo wanaofikia kutaka kujiua. Ukiitazama kwa mbali inafanana kabisa na ugonjwa uliozidi. Mtego wake ni kwamba muuguzi anaona mtu hatulii, anaomba sindano ya dharura, na sindano iliyopo mara nyingi ni haloperidoli ileile. Mgonjwa anaongezewa kinachomtesa. Tunaweza kuendelea hivyo siku tatu huku tukiandika kwenye faili kwamba hali inazidi kuwa mbaya.

Mama Chiku hakurukia jibu hilo. Alimwambia Neema aombe ruhusa ya kumpima kwanza. Joto 36.8, mapigo ya moyo 92, shinikizo la damu 124 kwa 78, sukari 5.6, vyote vikiwa vya kawaida. Malaria kali, sukari iliyoshuka, kuumia kichwani, kuacha pombe ghafla, hata kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, vyote humfanya mtu asitulie, na hakuna maneno mazuri yanayotibu hata kimoja. Yohana alikuwa anajitambua: alijua yuko wapi, ni usiku, na Neema ni nani.

Daktari wa zamu alipopigiwa simu, Neema hakusema "mgonjwa ni msumbufu." Alisema: "Kitanda namba tisa, haloperidoli ilipandishwa juzi, tangu hapo hawezi kukaa wala kulala, anasema miguu inachemka ndani, vipimo hivi hapa." Daktari alikuja. Aliuliza kama ana pumu, maana propranololi, dawa aliyotaka kumpa kupunguza msukumo huo wa miguu, haifai kwa mwenye pumu. Akampa miligramu 20 za propranololi, akaagiza dozi ya asubuhi ya haloperidoli isitolewe mpaka mgonjwa aonwe na timu nzima. Benzheksoli, dawa ambayo wengi huikimbilia, husaidia zaidi mwili ukikakamaa au mikono ikitetemeka. Kwa akathisia peke yake msaada wake ni mdogo.

Sitaki msomaji adhani kuongea kunamaliza kila kitu. Yohana angekuwa ameshika kipande cha chupa, Neema angetakiwa kurudi nyuma, kuwaondoa wengine na kuita msaada, si kusimama akitafuta maneno. Kuna usiku ambao sindano inahitajika na inatolewa, hata kwa kumshika mgonjwa. Hapo la kukumbuka ni moja: asilazwe kifudifudi watu wakamkandamiza mgongoni au kifuani, kwa sababu anaweza kukosa pumzi huku wote wakidhani ametulia. Baada ya sindano mtu mmoja hubaki naye, anahesabu pumzi zake na kumpima kila baada ya dakika chache, badala ya kufunga mlango na kwenda kunywa chai.

Nyumbani hali ni hiyohiyo, ila hakuna Mama Chiku. Ndugu aliyerudi kutoka hospitali na dawa akianza kuzunguka ua mzima usiku, msimfunge kamba, na msimwachishe dawa zote kwa siku moja, maana ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu. Muulizeni: akili ndiyo inayokwenda mbio, au ni miguu? Andikeni dawa ilianzishwa au kupandishwa lini na kuzunguka kulianza lini, mrudi kliniki siku inayofuata na karatasi hiyo. Akizungumzia kufa, msisubiri kuche.

Yohana alilala kama saa kumi na nusu. Saa moja asubuhi Neema alisoma ripoti yake mbele ya zamu ya mchana, na alipofika kitanda namba tisa hakuharakisha. Alitaja tarehe ya dozi kupandishwa, maneno ya Yohana kama alivyoyasema, "inachemka kwa ndani," na akaongeza kwamba mgonjwa anaomba kaka yake apigiwe simu kuhusu jaruba. Muuguzi aliyekuwa anapokea zamu aliuliza kama kulikuwa na fujo. "Alipiga ndoo mara moja," Neema akajibu, "nami nilikuwa nimemzibia mlango."