Mwalimu wa peke yako: tupige hesabu kwanza

Nimeulizwa tena: "Mwalimu, si bora nijibane, nimlipe mtu anifundishe Kiingereza peke yangu? Darasani tuko wengi, zamu haifiki." Haya, tuihesabu hiyo zamu.

Tumchukue mtembeza wageni wa Bagamoyo mwenye shilingi 40,000 kwa mwezi na jioni tatu kwa wiki. Tuseme mwalimu binafsi anatoza 10,000 kwa saa, na darasa la watu 12 ni 40,000 kwa vipindi 12 vya saa moja na nusu. Kwa mwalimu binafsi atapata saa nne. Mwalimu akiongea nusu ya muda (na sisi walimu tunapenda kuongea!), mwanafunzi kafungua mdomo saa mbili tu.

Darasani, toa nusu saa ya maelezo, zinabaki dakika 60. Wakiulizwa mmoja mmoja, kila mtu anapata dakika 5, yaani saa moja kwa mwezi. Hapo malalamiko yana haki. Lakini wakipangwa wawili wawili, kila mmoja anasema dakika 30, na kwa mwezi ni saa sita. Kwa hiyo acha kuuliza mko wangapi. Kabla ya kulipa, omba kukaa kipindi kimoja, uhesabu ni midomo mingapi inasema kwa wakati mmoja.

Sikatai kwamba wawili wawili huambukizana makosa. Kiswahili kina "a-" moja kwa mke na mume, basi mtu anawafikisha wageni kwenye kaburi la Bi Sharifa, magofu ya Kaole, na kumsimulia kwa "he" badala ya "she", kana kwamba alikuwa mwanamume. Mwenzake hasikii kosa kwa sababu naye analo. Na kanuni wanaijua wote! Ukiwapa karatasi wanapata zote. Kosa hutoka ulimi ukienda mbio. Kumweleza tena kanuni kwa 10,000 ni kuchoma pesa.

Dawa yake ni simu. Jirekodi dakika tatu ukieleza kaburi hilo, bila karatasi, usikilize kesho yake, uandike ulichokosea, kisha urekodi upya. Msamiati na kusikiliza navyo jifanyie mwenyewe, dakika ishirini kila siku. Saa tatu za Jumapili hazishiki.

Yatakayokuponyoka ni makosa usiyoyasikia kabisa, kama ile irabu tunayoibandika mwisho wa neno la Kiingereza linaloishia na konsonanti. Hilo ndilo la kumlipia mwalimu binafsi.

Msimu wa wageni ukikumalizia jioni zote, acha darasa, chukua saa moja kila baada ya wiki mbili, 20,000 kwa mwezi. Nenda na rekodi mbili, ya zamani na mpya. Akizisikiliza kwanza ndipo afundishe, mrudie. Akifungua kitabu ukurasa wa kwanza, tafuta mwingine.