Aya moja ya mtaji wa kijamii, kwa sentensi fupi

Mwanafunzi mmoja wa sosholojia alinitumia aya akaniomba nimsaidie kuielewa, maana ameisoma mara nne na bado haingii. Nafundisha somo hili na aya za namna hii nazijua vizuri. Ilikuwa hivi:

"Mtaji wa kijamii ni rasilimali iliyomo katika muundo wa mahusiano baina ya watendaji, ambapo ufungamano wa mtandao huwezesha kuibuka kwa kanuni zenye vikwazo, hivyo kuzalisha uaminifu unaopunguza gharama za ufuatiliaji wa miamala, ijapokuwa ufungamano huohuo waweza kuzaa utengaji wa wasio wanachama."

Yeye alishajaribu kuirahisisha akaandika: "Watu wakiaminiana wanasaidiana." Ni fupi kweli, ila imepotosha. Kwenye aya uaminifu hauko mwanzoni, unakuja baadaye, kuna kitu kimeuzaa, na hicho kitu ndio hoja yenyewe, ukikitoa hapo umebaki na maneno ambayo hata asiyesoma sosholojia angeyasema.

Mimi huwa naanza kwa kuuliza nani anafanya nini. Ile aya imejaa "kuibuka", "ufuatiliaji", "utengaji", na hakuna hata mtu mmoja anayeonekana. Kwa hiyo nilimwambia aweke watu, na watu niliompa ni wa upatu.

Chukua kina mama kumi sokoni, kila wiki kila mmoja anatoa 20,000, mmoja anapokea 200,000. Wiki ya kwanza anapokea mama wa nyanya. Humo ndani hela yake mwenyewe ni 20,000 tu, yaani 180,000 ni za wenzake, na hajasaini popote. Kwanini wiki ya pili anarudi kutoa?

Wengi watajibu kwamba ni mwaminifu. Inawezekana, lakini angalia meza zao zilivyokaa. Wa vitunguu anamjua wa nyanya, wa dagaa anamjua wa nyanya, halafu wa vitunguu na wa dagaa nao wanajuana. Akikimbia, jioni hiyohiyo hawa wawili wanaongea, kesho hakuna wa kumlindia meza akienda msikitini wala wa kumkopesha chenji. Kule kujuana wao kwa wao ndiko aya inakoita ufungamano wa mtandao, na kule kubanwa akikimbia ndiyo kanuni zenye vikwazo. Hoja hii aliiweka wazi mwanasosholojia James Coleman mwaka 1988, na mfano wake mmoja ni wafanyabiashara wa almasi wa New York, ambao mmoja anampa mwenzake mfuko wa mawe akayakague faraghani, bila bima rasmi, kwa sababu wanaishi jamii moja, wanaoana na wanasali pamoja.

Sasa geuza. Upatu uleule, watu kumi walewale kwa idadi, ila wako kwenye grupu la wasapu na kila mmoja anamjua tu kijumbe, yule anayeuendesha upatu. Wa kwanza akipokea akazima simu, wale tisa waliobaki watamlalamikia nani? Hawajuani, hawawezi kuungana kumbana. Kila mmoja anamwamini kijumbe kabisa, na bado upatu unakufa. Ndio maana nasema usihesabu mtu anajuana na wangapi, uliza hao anaowajua wanajuana wao kwa wao?

Kipande cha mwisho, cha utengaji, wanafunzi wengi wanakiruka kwa sababu kimeanza na "ijapokuwa", wanaona ni nyongeza. Si nyongeza. Mama aliyehamia sokoni juzi akiomba kuingia, ama anaambiwa nafasi zimejaa au kijumbe anamweka namba kumi. Hapo atakuwa ametoa 180,000 kabla hajapokea shilingi, yeye ndiye anawakopesha wote, na huenda ndiye mwenye shida ya mtaji kuliko wote. Hajakosea chochote, ni kwamba hakuna wa kumsema akikimbia.

Baada ya hapo tukaiandika upya pamoja:

"Watu wanaojuana wana kitu ambacho mtu peke yake hana. Kitu hicho hakimo mfukoni mwa yeyote, kiko kati yao. Kina nguvu zaidi wote wakijuana wao kwa wao. Hapo ukimdhulumu mmoja, wengine watasikia na watakubana. Unalijua hilo, kwa hiyo unalipa. Wenzako nao wanajua utalipa, hawahitaji mkataba wala mtu wa kukufuatilia. Lakini watu haohao wanaweza kumfungia nje wasiyemjua."

Aya ya mwanzo ilikuwa sentensi moja, hii ina saba. Mwanafunzi aliniuliza kama tuandike "watamfungia" badala ya "wanaweza kumfungia", ingekuwa fupi zaidi. Nikamwambia hapana, aya inasema "waweza", na kuna masoko ambako mgeni akidhaminiwa na mtu mmoja anayejulikana anapewa hata namba tatu.