Kuki iliyoibwa hupitaje uthibitishaji wa hatua mbili?

"Nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili, simu yangu haikuletewa msimbo wowote, na bado mtu ameingia kwenye akaunti yangu. Ameingiaje?"

Kwa kawaida msimbo huombwa wakati wa kuingia tu, na mwizi wa kuki hapiti hatua hiyo. Ukishathibitishwa, seva hutunga namba ndefu isiyokisika, huiandika kwenye orodha yake kando ya jina lako, kisha huituma kwa kivinjari chako ikiwa ndani ya kuki:

```
Set-Cookie: sid=7f3a9c41e8; Secure; HttpOnly
```

Tangu hapo kivinjari huambatanisha namba hiyo na kila ombi, nayo seva huridhika. Ni kama ukumbi ambao mlinzi wa langoni hukagua kitambulisho, kisha humfunga mgeni utepe wenye namba. Walinzi wa milango ya ndani hutazama utepe peke yake, hivyo mwenye nakala yake haulizwi kitambulisho.

Neno `HttpOnly` huizuia JavaScript ya ukurasa kuisoma kuki, lakini haliizuii programu hasidi iliyo ndani ya kompyuta. Kuki huhifadhiwa kwenye faili la kivinjari, na hata likiwa limesimbwa, programu inayoendeshwa kwa jina lako mara nyingi huweza kulifungua. Ndivyo chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips ilivyotekwa Machi 2023: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya PDF ya ofa ya udhamini, tokeni za vikao, yaani namba za aina hiyo za watu walioingia tayari, zikaibwa, na chaneli ikaanza kurusha matangazo ya utapeli wa sarafu za kidijitali.

Wengi wakigundua wizi hukimbilia kufuta kuki kwenye kivinjari, wakidhani wamemfungia mwizi nje. Kufanya hivyo ni kuukata utepe wako mwenyewe huku nakala yake ikiendelea kukubaliwa. Kinachohitajika ni namba ifutwe kwenye orodha ya seva, na hiyo ndiyo kazi ya kitufe cha kuondoka kwenye vifaa vyote: ombi la mwizi linalofuata hukosa jina la kulinganishwa nalo, naye hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia, anakodaiwa msimbo. Kubadili nenosiri peke yake hakutoshi kila mahali, kwa kuwa huduma nyingine huviacha vikao vya zamani viendelee. Zipo pia zinazotumia tokeni zisizotegemea orodha, ambazo huweza kufanya kazi mpaka muda wake uishe.

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Ukiondoka kote kisha ukaingia tena kupitia kompyuta ileile yenye programu hasidi, kuki mpya nayo itaibwa. Kwa hiyo tumia kifaa kingine kilicho salama kuondoka kote, kubadili nenosiri na kukagua kama mwizi ameongeza simu au barua pepe yake, ndipo usafishe kompyuta. Kinga-virusi isipoona kitu, usiichukulie kompyuta kuwa safi: baadhi ya programu hizi hujifuta zikishatuma data, nyingine hubaki zimejificha. Njia ya uhakika zaidi ni kusakinisha upya mfumo endeshi kabla ya kuingia tena.