Njia ya vituo: kuhifadhi skripti kwa kutembea kichwani

Njia ya vituo ni namna ya kuhifadhi maneno marefu kwa kuyakata vipande, kisha kukiweka kila kipande mahali fulani kwenye njia unayoijua vizuri. Ukifika wakati wa kusema, unaipita ile njia kichwani na kuokota kipande kimoja kimoja. Wasemaji wa Roma ya kale walihutubia mahakamani kwa mbinu hii. Nasi kwenye kikundi cha maigizo tunaitumia pale mtu anapopewa maneno mengi ya kusema peke yake.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa geti anayejieleza kwa tajiri wake baada ya wizi. Maneno yake yanachukua kama dakika 3. Kosa la kwanza la wengi ni kukata kwa kuhesabu mistari, kumi kumi. Kata pale mawazo yanapogeuka. Mlinzi analalamikia baridi, anaeleza habari ya funguo, anamsingizia mbwa, anakumbuka barua ya mwanawe, halafu anakiri. Hivyo ni vipande 5, hata kama kimoja kina sentensi mbili na kingine tisa.

Njia yangu inaanzia mlango wa chumba, inapita bomba la uani, geti, duka la Mangi na kuishia kwenye mwembe wa bodaboda. Kipande cha pili kinaanza hivi: "Nilikabidhiwa funguo tano, nikarudisha nne." Basi pale bombani nafungua maji, zinatoka funguo, zinagonga ndoo, ya tano imekwama mdomoni mwa bomba. Cha tatu kinaanza na "Mbwa hakubweka", kwa hiyo getini yupo mbwa aliyefungwa mdomo kwa kamba ya katani, ananitazama tu. Picha iwe na kituko, na iwe inafanya jambo na mahali penyewe. Mbwa aliyekaa tu karibu na geti utampita bila kumwona, kama unavyowapita mbwa wa kweli.

Utaona kwamba picha inabeba maneno ya mwanzo tu. Mahali panakupa mpangilio, picha inakupa mlango wa kuingilia, lakini maneno yaliyobaki lazima yakae mdomoni kwa kuyasema kwa sauti, tena na tena. Wapo wanaojaribu kuwekea picha kila neno, wakachoka kabla ya ukurasa kuisha. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, aliwahi kulalamikia jambo hilohilo: viunganishi utavichorea picha gani? "Lakini" inafananaje? Kwa maneno ya kushikwa neno kwa neno, yeye alipendelea kujifunza sehemu ndogo ndogo kwa kurudia. Naona alikuwa sahihi, na kwa skripti ya jukwaani unahitaji yote mawili.

Vituo navyo vina masharti. Visifanane. Mara ya kwanza niliweka vipande viwili kwa mafundi cherehani wawili wa mtaa mmoja, wote na meza barazani na vitambaa vimening'inia. Siku ya mazoezi nikafika kwa fundi wa pili nikidhani ndiye wa kwanza, na barua ya mtoto ikarukwa yote. Mlinzi akakiri wizi bila sababu. Warumi nao walionya juu ya nafasi zilizo kati ya nguzo zinazofanana.

Kujipima, usianze mwanzo kila mara, maana hapo ulimi unateleza tu kwa mazoea. Mtu akutajie "geti", nawe uanzie hapo. Au rudi kinyumenyume, mwembe hadi mlangoni, ukitaja sentensi ya kwanza ya kila kituo. Kituo kisichotoa kitu kina picha dhaifu, ibadilishe mapema. Faida yake utaiona watazamaji wakicheka katikati ya kipande ukapotea: huhitaji kurudi mwanzo, unajiuliza tu umesimama wapi.

Skripti mpya ikija, nenda njia nyingine. Ukirudia ileile baada ya siku mbili, utamkuta mbwa bado yupo getini.

Na kuna dalili moja mwongozaji huiona kabla yako. Macho yako yanaelea juu, unalitafuta duka la Mangi badala ya kumtazama tajiri, na kila mwanzo wa kipande una kimya kidogo. Maana yake vipande bado havijashikana. Dawa yake ni kusema maneno yote haraka, bila kuigiza, huku mikono ikifua au kuosha vyombo, mpaka mwisho wa kipande uvute mwanzo wa kinachofuata hata kabla hujafika bombani.