Je, wajua kwa nini mwezi wa kwanza wa mpango wa kuboresha utendaji hauonyeshi kitu?

"Nimepewa barua ya miezi mitatu ya kuboresha utendaji. Wenzangu wanasema hiyo ni njia ya kistaarabu ya kunifukuza. Nitajuaje kama mpango huu ni wa kweli?"

Tazama lengo la mwezi wa kwanza. Kama linadai namba ambayo haiwezi kubadilika ndani ya siku 30, hata kwa mfanyakazi hodari kuliko wote, barua hiyo imeandikwa ili ushindwe, au imeandikwa na mtu asiyeijua kazi yako. Kwako wewe matokeo ni yale yale.

Nieleze kwa kazi ninayoifahamu, ya afisa mikopo. Tumwite Rehema, yuko kwenye taasisi ndogo ya fedha Mwanza. Huu ni mfano tu, lakini aliyewahi kukaa tawini ataona sura za watu anaowajua.

Rehema ana wateja 180, na salio la mikopo yao yote ni shilingi milioni 120. Kati ya hizo, milioni 18 ziko kwa wateja waliochelewesha marejesho kwa zaidi ya siku 30. Hiyo ni asilimia 15. Kiwango kilichoandikwa kwenye sera ni asilimia 5. Meneja anamwita, anampa barua: ndani ya siku 30 ushuke hadi asilimia 10, ndani ya 60 hadi 7, ndani ya 90 hadi 5. Inapendeza kwenye karatasi, inashuka kama ngazi.

Sasa tufungue hiyo milioni 18. Milioni 6 ni za wateja tisa waliopitisha siku 180 bila kulipa, na wote tisa alirithishwa na afisa aliyemtangulia. Wengine wamehama mji, mmoja duka lake liliungua. Hizo peke yake ni asilimia 5 ya salio lote. Yaani Rehema akikusanya kila senti ya wateja wake mwenyewe waliochelewa, bado atakuwa amesimama palepale kwenye kikomo, bila nafasi hata ya mteja mmoja kuugua.

Meneja mwenye nia huanza hapo. Madeni tisa yanahamishiwa kwa mtu wa kufuatilia madeni sugu, na Rehema anabaki na salio la milioni 114, ambalo milioni 12 zake zimechelewa. Hiyo ni asilimia 10 na nusu. Bado ni tatizo, na ni lake.

Kisha inakuja hatua ambayo mameneja wengi huiruka kwa sababu inawaaibisha: kuangalia maafisa wengine wa tawi lilelile. Wakitazamwa, wastani wao ni asilimia 7, si 5. Hiyo 5 ipo kwenye sera tu, hakuna anayeifikia. Kumdai Rehema peke yake kile ambacho jirani yake wa meza hadaiwi kunaitwa kumtafuta mtu. Kwa hiyo lengo la haki ni asilimia 7, ambayo kwa salio la milioni 114 ni kama milioni 8. Anatakiwa kushuka kutoka milioni 12 hadi 8.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Deni lililochelewa ni kama pipa lenye bomba linaloingiza maji na tundu linaloyatoa. Kwa miezi ya karibuni, kila mwezi milioni 3 za Rehema zilivuka siku 30, na karibu kiasi hichohicho kilikusanywa. Mpango ukianza leo, wateja watakaovuka siku 30 mwezi huu tayari walishachelewa kabla barua haijaandikwa. Tuseme akajitahidi sana: mwezi wa kwanza zinaingia milioni 2 na nusu, anatoa milioni 2 na nusu. Pipa linabaki na milioni 12. Mwezi wa pili bomba limeanza kukaza: inaingia milioni 1 na nusu, anatoa 3 na nusu, inabaki 10. Mwezi wa tatu vivyo hivyo, inabaki 8.

Amefaulu. Lakini kwa barua ile ya kwanza angekuwa amefeli siku ya 30, maana namba haikusogea hata kidogo.

Basi mwezi wa kwanza upimwe kwa nini? Kwa yale yanayokaza bomba. Ili kuyajua, lazima mtu akae na Rehema na kuuliza kwa nini wateja wanachelewa, na maneno kama "hajitumi" hayajibu swali hilo. Meneja akashinda naye siku mbili mtaani, Igoma na Buhongwa. Aliyoyaona: Rehema huwatembelea waliochelewa mwisho wa mwezi tu, kwa sababu orodha ya wadaiwa humfikia tarehe 25. Pikipiki ya ofisi iko gereji wiki ya sita, nauli anatoa mfukoni. Na kwenye kutathmini mteja mpya, anaangalia genge au duka lakini hafiki nyumbani, hivyo hajui kwamba mzigo anaouona pale dukani umekopwa kwa mwingine.

Mambo mawili kati ya hayo ni ya ofisi, moja ni la Rehema. Mgawanyo huo unapaswa kuonekana kwenye karatasi. Upande wa ofisi: orodha ya waliochelewa hata siku moja imfikie kila asubuhi, pikipiki irudi kufikia tarehe fulani, na mpaka hapo nauli ilipwe, afisa mzoefu aende naye uwanjani Jumanne na Alhamisi kwa wiki nne. Upande wake: mteja akichelewa siku moja apigiwe siku hiyohiyo, akifika siku ya tatu atembelewe, na mkopo mpya usipitishwe kabla nyumba ya mteja haijaonwa. Hayo ndiyo malengo ya siku 30. Yanahesabika, na yako mikononi mwake. Namba ya deni lililochelewa inaanza kudaiwa siku ya 60: zisizidi milioni 10. Siku ya 90: milioni 8.

Kuna sentensi moja ambayo nikiikosa kwenye barua ya aina hii naishuku yote: ofisi isipotimiza upande wake, muda unasimama. Pikipiki ikichelewa wiki tatu, siku ya 90 inasogea wiki tatu. Bila sentensi hiyo, "tutakupa msaada" ni salamu tu.

Kila Jumatatu wanakaa nusu saa. Meneja anaandika kilichofanyika, kilichokwama na cha nani, wote wawili wanasaini, kila mmoja anabaki na nakala. Mimi niliwahi kuona mpango wa siku 90 ambao kikao cha kwanza kilifanyika siku ya 84. Mfanyakazi aliingia akiwa na daftari, akatoka na barua ya kuachishwa. Sitaitaja ofisi, ila daftari lile lilikuwa limejaa maswali.

Malengo yasiyowezekana yana hasara nyingine ambayo mwajiri huiona baadaye. Afisa mikopo akibanwa ashushe namba ndani ya siku 30, njia zipo. Anampa mteja mkopo mpya ili alipe wa zamani. Au analipa rejesho kwa fedha zake mwenyewe. Kwenye ripoti, salio lote la mteja ndilo linalohesabiwa kuwa limechelewa, si rejesho moja, kwa hiyo ukilipia rejesho moja la 60,000 unaweza kuliondoa deni la 600,000 kwenye orodha mpaka mwezi ujao. Utaligundua ukitazama tarehe: malipo mengi siku mbili za mwisho wa mwezi, kutoka namba moja ya simu, au mkopo uliotolewa siku moja baada ya mteja kumaliza wa zamani. Miezi mitatu baadaye pipa linafurika kuliko mwanzo.

Sheria nayo ina la kusema. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji hafifu, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, ampe mfanyakazi nafasi ya kurekebika, na amsikilize kabla ya uamuzi, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ile nafasi ya kurekebika inaweza kuondolewa kwa meneja au mtu wa ngazi ya juu anayejua mwenyewe kama anatimiza viwango, au kwenye taaluma ambazo kosa dogo tu lina madhara makubwa mno. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai mfanyakazi aelezwe, kabla ya kuachishwa, sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama anapoelezwa. Na kama shida ni wizi wa marejesho, au ugonjwa, mpango wa namna hii si mahali pake. Hayo yana taratibu zake.

Ukipewa barua yako, usisaini huku unatetemeka. Omba siku mbili uisome. Kisha andika juu ya sahihi yako kwamba umeipokea, na hapohapo orodhesha vitu ambavyo vikikosekana huwezi kufikia lengo: orodha, pikipiki, mafunzo, chochote. Kuipokea si kukubali kila kilichomo, na orodha hiyo ikiwa na tarehe ndiyo itakayokusemea hata ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Turudi kwa Rehema. Siku ya 90 pipa lilikuwa na milioni 8.4, yaani asilimia 7.4. Hajafika. Lakini bomba lilikuwa linaingiza milioni 1.4 tu kwa mwezi, chini ya nusu ya zamani, na mikopo yote mipya ilikuwa na ripoti ya nyumbani. Meneja alikuwa ameandika tangu mwanzo kwamba tofauti ndogo ya namna hiyo, ikiwa waliochelewa wapya wanapungua, inaongezewa wiki nne. Wiki ya pili ya nyongeza zilibaki milioni 7.9 na mpango ukafungwa kwa barua ya mistari mitatu, nakala kwenye faili lake. Pikipiki ilikuwa imechelewa kurudi mpaka wiki ya tano, kwa hiyo kwa haki kabisa alikuwa bado na siku zake za akiba.